Mizunguko 450: Hesabu ya Mbio za Saa Ishirini na Nne

Katika mbio nyingi za riadha umbali hujulikana tangu mwanzo, na kinachotafutwa ni muda. Mbio za saa 24 zimeugeuza utaratibu huo. Hapa muda ndio uliokwisha kuwekwa, na kinachotafutwa ni umbali: mshindi ni yule atakayekuwa amekwenda mbali kupita wenzake saa itakapolia siku ya pili. Mara nyingi mbio hizi hufanyika katika kiwanja cha kawaida cha mita 400, ambamo wakimbiaji huzunguka usiku na mchana, wakila, wakinywa na pengine wakilala kidogo kando ya njia.

Mwaka 1997, katika mji wa Adelaide huko Australia, Mgiriki Yiannis Kouros alikwenda kilomita 303.506 katika kiwanja kwa muda huo. Tukigawanya kwa mita 400 tunapata mizunguko 758 kamili na mita 306 za mzunguko ambao haukukamilika. Kwa wastani alimaliza kila mzunguko kwa muda usiofika dakika mbili, na wastani huo umejumuisha kila dakika aliyosimama.

Katika makala haya hatutamfuata Kouros. Tutamchukua mkimbiaji mwenye shabaha iliyo karibu zaidi na uwezo wa watu wengi waliojizoeza, yaani kilomita 180, tuone jinsi anavyoweza kuigeuza shabaha hiyo kuwa mizunguko, kisha kuwa hatua za kila saa. Hesabu zenyewe ni za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya tu. Ugumu uko katika kujua nini kigawanywe kwa nini.

Mzunguko mmoja ni mita ngapi?

Kilomita 180 ni mita 180,000. Tukigawanya kwa 400 tunapata mizunguko 450 bila baki. Lakini jibu hilo ni la kweli iwapo tu mzunguko ni mita 400 kwa hakika, na jambo hili lahitaji kutazamwa kabla ya mengine yote.

Kiwanja cha riadha cha kawaida kina sehemu mbili zilizonyooka, kila moja ya mita 84.39, na nusu duara mbili zenye nusu kipenyo cha mita 36.50 hadi kwenye ukingo wa ndani. Mwanafunzi akikokotoa mzingo kwa kutumia nusu kipenyo hicho atapata mita 398.1, naye atashangaa. Sababu ni kwamba mkimbiaji hawezi kukanyaga ukingo wenyewe. Kwa kanuni, njia ya kwanza hupimwa sentimita 30 nje ya ukingo, na hivyo nusu kipenyo cha kutumia ni mita 36.80. Hapo ndipo tunapopata:

2 × 84.39 + 2 × 3.1416 × 36.80 = 400.00

Sentimita 30 zaonekana kuwa kitu kidogo, lakini zimeleta tofauti ya karibu mita 1.9 kwa kila mzunguko. Kwa mizunguko 450 tofauti hiyo yafika mita 848, yaani zaidi ya mizunguko miwili. Kwa hiyo shule inayochora kiwanja chake kwa chokaa juu ya nyasi haina budi kuamua mapema kamba ya kupimia itapita wapi. Pale ambapo hapana ukingo ulioinuka, bali mstari tu, kanuni ni sentimita 20 nje ya mstari.

Kanuni iyo hiyo yatufundisha jambo la pili. Mkimbiaji anayezunguka katika njia ya pili huenda karibu mita 407, lakini huandikiwa mita 400 tu. Tuseme kwamba, kwa ajili ya kuwapita wenzake kwenye kona, mtu amekimbia mzunguko mmoja katika kila kumi akiwa njia ya pili. Katika mizunguko 450 atakuwa amekwenda mita 315 ambazo hakuna atakayemhesabia. Ni heri kuwapita wengine katika sehemu iliyonyooka, ambako kuhama njia hakuongezi mwendo wa kutajika.

Wastani wenye mapumziko ndani yake

Saa 24 ni sekunde 86,400. Tukizigawanya kwa mizunguko 450 tunapata sekunde 192, yaani dakika 3 na sekunde 12 kwa kila mzunguko. Wengi huishia hapa, wakakariri kwamba wakikimbia kwa mwendo huo watafika. Hawatafika. Saa ya mashindano haisimami mkimbiaji anapofunga kamba za viatu, anapokula uji, anapobadili nguo au anapokwenda chooni. Yule akimbiaye mzunguko kwa sekunde 192 hana hata sekunde moja ya kusimama kwa siku nzima.

Kwa hiyo mapumziko hayana budi kutolewa kwanza katika muda, kabla ya kugawanya. Tuseme mkimbiaji wetu anakisia kwamba vituo vyake vyote vitamchukua dakika 90 kwa jumla. Dakika 90 ni sekunde 5,400. Zinabaki sekunde 81,000 za kwenda, na tukizigawanya kwa 450 tunapata sekunde 180 kamili. Huu ndio mwendo wake wa kweli: dakika 3 kwa mzunguko, au mizunguko 20 katika kila saa ambayo miguu yake inakwenda.

Mwendo huu watupatia pia bei ya kusimama. Kila dakika ya kusimama ni theluthi moja ya mzunguko, yaani mita 133. Kituo cha dakika sita ni mizunguko miwili. Msaidizi anayejua bei hii hatamwuliza mkimbiaji anataka kula nini baada ya kufika; ataviweka vyakula tayari, na kumkabidhi kikombe akiwa anatembea.

Si lazima dakika hizo 3 ziwe za kukimbia tupu. Wengi huchanganya kukimbia na kutembea kwa utaratibu maalumu. Kwa mfano, mtu akikimbia mizunguko mitano kwa dakika 2 na sekunde 42 kila mmoja, kisha akatembea mzunguko wa sita kwa dakika 4 na nusu, jumla ni sekunde 810 na sekunde 270, yaani sekunde 1,080 kwa mizunguko sita. Wastani ni sekunde 180 zile zile, na mzunguko wa kutembea unampa nafasi ya kula bila kusimama.

Mwendo haulingani mchana na usiku

Mpango wa mizunguko 20 kila saa ni sahihi kwenye karatasi, lakini mwili haufuati mstari ulionyooka. Misuli huchoka na kuuma kadiri saa zinavyopita. Akiba ya sukari iliyohifadhiwa ndani ya misuli na ini hupungua, na tumbo lina kikomo cha kile kinachoweza kuingizwa kwa saa moja. Usiku wa manane huja usingizi, na joto la mwili hushuka hadi kiwango chake cha chini kabisa muda mfupi kabla ya alfajiri. Kukipambazuka, wengi hupata nguvu kidogo tena. Mpango mwema hauna budi kuyakubali mambo haya mapema, badala ya kungoja yampate mkimbiaji kama ajali.

Tuseme mbio zinaanza saa 3 asubuhi. Tunaweza kuzigawa katika vipindi sita vya saa nne nne, na kukipa kila kipindi mizunguko yake na mapumziko yake, ili mradi jumla zibaki 450 na dakika 90.

| Kipindi | Mizunguko | Mapumziko (dakika) | Muda wa mzunguko | Jumla tangu mwanzo |
|---|---|---|---|---|
| Saa 3 asubuhi – saa 7 mchana | 86 | 5 | 2:44 | 86 |
| Saa 7 mchana – saa 11 jioni | 82 | 10 | 2:48 | 168 |
| Saa 11 jioni – saa 3 usiku | 76 | 15 | 2:58 | 244 |
| Saa 3 usiku – saa 7 usiku | 70 | 25 | 3:04 | 314 |
| Saa 7 usiku – saa 11 alfajiri | 66 | 25 | 3:15 | 380 |
| Saa 11 alfajiri – saa 3 asubuhi | 70 | 10 | 3:17 | 450 |

Muda wa mzunguko hupatikana kwa njia ile ile. Katika kipindi cha kwanza kuna dakika 240. Toa 5 za mapumziko, zinabaki 235. Gawanya kwa 86, unapata dakika 2 na sekunde 44. Msomaji atazame pia jambo moja katika kipindi cha mwisho: mizunguko imeongezeka kutoka 66 hadi 70 ingawa miguu inakwenda polepole zaidi. Nyongeza hiyo yatokana na kupunguza mapumziko tu.

Kwa mpango huu saa 12 za kwanza zitatoa mizunguko 244, yaani kilomita 97.6, na saa 12 za mwisho zitatoa 206, yaani kilomita 82.4. Mkimbiaji amejiruhusu kupungua. Lakini kujiruhusu huku si ruhusa ya kuanza kwa fujo. Akikimbia kipindi cha kwanza kwa dakika 2 na sekunde 20 atamaliza mizunguko 100 badala ya 86, na ataona kama kwamba ameweka akiba ya mizunguko 14. Mwendo wa kasi hutumia sehemu kubwa zaidi ya sukari ya misuli kuliko mwendo wa polepole, na akiba hiyo ya kwenye karatasi hulipwa usiku kwa riba kubwa.

Vipindi vya saa nne vyafaa kwa kupanga, lakini kwa kufuatilia havitoshi, maana mtu aweza kupotea kwa saa tatu kabla ya kujua. Kwa hiyo msaidizi huandaa karatasi yenye mistari 24, na kila mstari huandikwa jumla inayotarajiwa mwishoni mwa saa hiyo. Katika kipindi cha kwanza ataandika 22, 44, 65 na 86. Katika kipindi cha tano ataandika 331, 347, 363 na 380. Kando yake huachwa nafasi ya jumla iliyopatikana, na nafasi ya tofauti. Ni jumla tangu mwanzo inayoandikwa, si mizunguko ya saa hiyo peke yake, kwa sababu saa moja mbaya haisemi kitu, lakini tofauti inayokua saa tatu mfululizo yasema mengi.

Saa 5 usiku: tofauti ya mizunguko 13

Hebu tumfuate mkimbiaji wetu hadi mwisho wa saa ya 14, yaani saa 5 usiku. Mpango wadai mizunguko 280. Karatasi ya mhesabu yaonyesha 267. Baada ya kutapika mapema usiku huo alilala kando ya kiwanja zaidi ya nusu saa, kwa hiyo upungufu ulitazamiwa. Swali ni: je, ni 13 kweli?

Kabla ya kusahihisha mwendo, hesabu yenyewe yapasa kukaguliwa. Mhesabu hodari haweki alama tupu kwa kila mzunguko. Huandika saa kamili mkimbiaji anapopita mstari. Siku hizi mashindano makubwa hutumia kifaa kidogo kinachofungwa mguuni na kusomwa na mkeka uliotandikwa kwenye mstari, lakini kanuni ya ukaguzi ni moja. Ukitoa saa ya mpito mmoja katika saa ya mpito uliofuata unapata muda wa kila mzunguko, na muda huo ndio unaofichua makosa. Katika karatasi yetu muda wa mizunguko unasomeka 3:05, 3:08, 6:14, 3:07. Muda wa 6:14 ni mara mbili ya majirani zake karibu sawasawa. Aidha mkimbiaji alisimama dakika tatu, au mpito mmoja haukuandikwa. Msaidizi, ambaye naye huandika kila kituo, hana kituo chochote wakati huo. Basi mzunguko mmoja ulisahauliwa, na waamuzi wakikubali ushahidi huo jumla ya haki ni 268. Kosa la kinyume hutambulikana kwa urahisi zaidi: mzunguko ulioandikwa mara mbili huacha muda wa sekunde chache, ambao hakuna mtu awezaye kuukimbia.

Upungufu wa kweli, basi, ni mizunguko 12. Sasa yuko mkimbiaji atakayetaka kuulipa wote katika saa moja. Saa inayofuata ilipangiwa mizunguko 17. Pamoja na 12 ni 29. Dakika 60 kwa mizunguko 29 ni dakika 2 na sekunde 4 kwa kila mmoja, bila kusimama, kwa mtu aliyekwisha kwenda kilomita 107. Huo ni mwendo ambao hakuutumia hata asubuhi akiwa na nguvu zake zote.

Njia sahihi ni kuacha kuutazama upungufu na kuitazama kazi iliyobaki. Mizunguko iliyobaki ni 450 kutoa 268, yaani 182. Muda uliobaki ni saa 10, yaani dakika 600. Mapumziko yaliyobaki katika mpango ni dakika 45, kwa hiyo muda wa kwenda ni dakika 555. Gawanya kwa 182: ni dakika 3 na sekunde 3. Mpango wa awali ulimtaka aende mizunguko 170 katika dakika hizo hizo, kwa wastani wa dakika 3 na sekunde 16. Kwa hiyo kila mzunguko umedai sekunde 13 zaidi.

Hapa kuna milango mitatu. Wa kwanza ni kuzilipa sekunde 13 kwa miguu. Wa pili ni kuzilipa nusu kwa miguu na nusu kwa kiti: akipunguza mapumziko kutoka dakika 45 hadi 30, muda wa kwenda ni dakika 570, na mzunguko mmoja wataka dakika 3 na sekunde 8. Wa tatu ni kuubadili mwisho: akiendelea na mpango wa zamani bila kulipa chochote atamaliza mizunguko 438, yaani kilomita 175.2. Hesabu haimwambii achague upi. Lakini karatasi yaonyesha kwamba mizunguko yake ya karibuni ni ya dakika 3 na sekunde 5 hadi 8, na hivyo mlango wa pili uko wazi kwa sasa. Msaidizi atamwambia jambo moja tu: mizunguko 18 kwa saa, na vituo viwe vifupi. Saa 7 usiku atapiga hesabu hiyo upya kwa tarakimu mpya. Ikiwa jibu limepanda tena, mwendo haukutosha, na shabaha ya kilomita 175 yapasa kuchukuliwa mapema, wakati bado yapatikana.

Mita za mwisho

Mizunguko kamili haitoshi kutoa matokeo, kwa kuwa saa 3 asubuhi itawakuta wakimbiaji wametawanyika kiwanja kizima. Ishara ya mwisho inapolia, kila mmoja huweka alama yenye namba yake mahali alipo, na waamuzi hupima kwa gurudumu kutoka kwenye mstari hadi kwenye alama hiyo. Hizo ndizo mita 306 za Kouros. Maana yake kwa mpango wetu ni kwamba mzunguko ulioanza dakika moja kabla ya mwisho una thamani. Mkimbiaji mwenye mwendo wa dakika 3 na sekunde 17 huenda karibu mita 122 katika dakika hiyo, nazo zote huandikwa.

Wengine huvaa saa za mkononi zinazopima umbali kwa setilaiti. Saa hizo zafaa barabarani, lakini katika kiwanja chenye kona nyingi makosa madogo hurundikana. Saa inayozidisha umbali kwa sehemu moja tu katika mia itasoma kilomita 180 wakati mvaaji wake bado anadaiwa zaidi ya mizunguko minne. Kiwanja kilichopimwa vizuri na karatasi ya mhesabu ndivyo vinavyoamua.

Maswali kwa wanafunzi

1. Maili moja ni mita 1,609.344. Mkimbiaji anataka maili 100 katika kiwanja cha mita 400. Ni mizunguko mingapi kamili, na mita ngapi zaidi?

2. Kiwanja cha shule kina mzunguko wa mita 300. Shabaha ni kilomita 150 kwa saa 24, na mapumziko ni dakika 100. Mzunguko mmoja uchukue muda gani?

3. Mkimbiaji wa mfano wetu amefika saa 9 usiku akiwa na mizunguko 335 badala ya 347. Mapumziko yaliyobaki ni dakika 20. Kokotoa muda wa mzunguko anaohitaji ili afike 450, ulinganishe na jedwali, kisha useme kama ungemshauri aishikilie shabaha yake.

Majibu: (1) Mizunguko 402 na mita 134.4. (2) Mizunguko 500, kila mmoja kwa dakika 2 na karibu sekunde 41. (3) Mizunguko 115 katika dakika 340, yaani dakika 2 na sekunde 57. Mwendo huo ni wa saa za jioni katika jedwali, ilhali wakati uliobaki ulipangiwa dakika 3 na sekunde 15 hadi 17. Ni afadhali achukue shabaha ya mizunguko 438.